Bekari Ikigeuka Kampuni: Jina na Wateja Vina Bei Gani?

Siku BRELA inapotoa cheti cha usajili wa kampuni, hakuna hata trei moja ya mikate inayohama. Cheti hicho kimezaa mtu mpya mbele ya sheria, mwenye jina lake, na muda si mrefu atakuwa na namba yake ya mlipakodi. Lakini mtu huyo amezaliwa mikono mitupu. Tanuri, gari, unga ulioko stoo, fedha zinazodaiwa madukani na mkopo wa benki, vyote vingali vya mfanyabiashara yule yule aliyekuwa navyo jana. Ili viwe vya kampuni, ni lazima avihamishe kwa mkataba, kwa bei, na kwa tarehe inayojulikana. Kisheria, anaiuzia kampuni biashara yake.

Wengi hawafanyi hivyo. Mwenye biashara huchukua cheti, hubadilisha bango, hutengeneza muhuri mpya, na shughuli zikaendelea kama zamani. Mambo huweza kwenda hivyo kwa miaka mingi. Tatizo hujitokeza siku anapoingia mtu wa pili: ndugu anayetaka kuweka fedha, benki inayotaka kujua tanuri ni la nani, au warithi wanaogombania hisa. Hapo huulizwa kampuni ilinunua nini, kwa shilingi ngapi, na katika bei hiyo ni kiasi gani kililipiwa kitu kisichoshikika, yaani jina zuri na wateja waliozoea. Wahasibu wetu huita kitu hicho gudwili. Ni sehemu ya hesabu inayobishaniwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayokosewa kuliko zote.

Nitatumia mfano wa bekari moja ya Morogoro. Hesabu zake nimezitunga ziwe nyepesi kufuatilia, ila kila kipengele kilichomo hukutwa katika biashara nyingi za kawaida. Mwenye bekari ni mama aliyesajili jina la biashara, anaoka mikate na skonzi, na anauza kwenye maduka ya rejareja na shule kadhaa za bweni. Mtoto wa kaka yake amerudi nyumbani na akiba ya shilingi milioni 14.6. Anataka kuingia kwenye biashara ili wanunue gari la pili. Wamekubaliana kufungua kampuni, wote wawili wawe wakurugenzi, na biashara ihamie rasmi tarehe 1 Januari 2025. Swali lililobaki ni moja: kila mmoja atapata hisa ngapi?

Kwanza mama anafungua daftari. Mizania yake ya tarehe 31 Desemba 2024 inaonyesha mitambo ya kuokea yenye thamani ya shilingi milioni 22 baada ya kutoa uchakavu, gari aina ya kirikuu la milioni 9, bidhaa stoo za milioni 6, wadaiwa wa milioni 8, kodi ya pango iliyolipwa mbele milioni 3, na fedha benki milioni 4. Kwa upande wa madeni, anadaiwa na wauza unga milioni 7, benki milioni 10, na kodi yake ya mapato ambayo haijalipwa milioni 1.2. Jumla ya mali ni milioni 52, madeni ni milioni 18.2, na mtaji wake ni milioni 33.8.

Makosa mengi huanzia kwenye tarakimu hiyo ya mwisho. Kijana anaweza kudhani kuwa shangazi yake ana biashara ya milioni 33.8, basi hisa zigawanywe hivyo. Lakini mizania inaeleza vitu vilinunuliwa kwa bei gani na uchakavu umekata kiasi gani. Haisemi vina thamani gani leo. Pia baadhi ya vitu vilivyomo havihamii kwenye kampuni. Fedha milioni 4 anabaki nazo mama, kwa sababu kampuni itafungua akaunti yake yenyewe. Kodi ya mapato ya milioni 1.2 ni deni lake binafsi kwa TRA, nayo hailipwi na kampuni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuandika orodha mbili, ya vinavyohama na ya vinavyobaki, na wote wawili waisaini.

Kazi ya pili ni kuvithamini vinavyohama, na haifanyiki ofisini. Mthamini aliyekwenda bekari aliwasha mashine ya kukandia unga ikiwa tupu, kisha akaiwasha ikiwa na kinyunga ndani, kwa sababu mota iliyochoka hujificha mpaka ipewe mzigo. Tanuri alilitazama kwa ndani, akagusa mpira wa mlango ulipopasuka, akauliza lilikarabatiwa lini. Kisha akatafuta bei ya mitambo kama hiyo ikiwa mipya, akajumlisha usafiri hadi Morogoro na gharama ya kuifunga, akakata kwa umri na hali yake. Akafika milioni 30. Daftari lilisema 22 kwa kuwa uchakavu ulikatwa haraka kuliko mashine zilivyochakaa. Kwenye kirikuu ilikuwa kinyume: daftari lilisema milioni 9, lakini mabodi yaliliwa na kutu, na gari kama hilo sokoni halivuki milioni 7.

Stoo ilihesabiwa jioni ya mwisho ya mwaka, baada ya uokaji wa mwisho, ili kisitoke wala kuingia kitu katikati ya hesabu. Mifuko ya unga ilihesabiwa mmoja mmoja na iliyofunguliwa ikapimwa kwenye mizani. Nyuma kabisa, ukutani, ilikutwa mifuko iliyonyonya unyevu na kuganda, na pakiti za hamira zilizopitwa na tarehe. Hivyo haviwezi kuuziwa kampuni. Pia kulikuwa na mifuko ya plastiki yenye chapa ya zamani, nayo ikaondolewa. Bidhaa za milioni 6 zikashuka hadi milioni 5.2.

Wadaiwa walichukua muda mrefu zaidi. Daftari la madeni lilipitiwa jina kwa jina, wakiangalia tarehe ya malipo ya mwisho ya kila mmoja. Kiasi kilichoandikwa hakikuwasaidia sana. Duka linalodaiwa laki nane lakini linalipa kila wiki ni deni zuri. Shule ambayo haijalipa tangu muhula uliopita, na mhasibu wake hapokei simu, ni deni la mashaka hata kama kuna barua ya ahadi. Walikubaliana kukata milioni 1.5, wakabaki na 6.5. Kodi ya pango ya milioni 3 ilibaki ilivyo, kwa sharti kwamba mwenye nyumba akubali kwa maandishi kampuni iwe mpangaji mpya. Bila barua hiyo, kampuni ingekuwa imelipia miezi ambayo haina haki nayo.

Kwa hiyo mali zinazohama ni milioni 30, 7, 5.2, 6.5 na 3, jumla milioni 51.7.

Madeni nayo hukaguliwa kwa ukali ule ule, kwa sababu mengine hayamo daftarini. Orodha ya wafanyakazi ilipolinganishwa na stakabadhi za NSSF, ilionekana kuwa michango ya vijana wawili haikupelekwa kwa miezi kadhaa. Mchango wa kisheria ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri na mfanyakazi wakigawana, na ukicheleweshwa huvuta adhabu. Jumla yake ilikuwa milioni 1.7. Wakakubaliana kampuni ilichukue deni hilo na kulilipa mara moja. Ukijumlisha na wauza unga milioni 7 na benki milioni 10, madeni yanayohama ni milioni 18.7. Mali ukitoa madeni, zinabaki milioni 33.

Kama mambo yangeishia hapo, mama angepewa hisa za milioni 33, kijana hisa za milioni 14.6, na kijana angemiliki karibu asilimia 31 ya kampuni. Kijana angefurahi. Hoja yake inaeleweka: "Shangazi, mkate unaokwa na tanuri. Tanuri tumeshalipia."

Mama naye ana hoja. Mtu akinunua tanuri kama hilo leo, akalifunga mtaa wa pili, hatauza mikate kesho kama anavyouza yeye. Itamchukua muda kuwazoesha wenye maduka kupokea mikate yake alfajiri, kupata shule zinazoagiza kila siku, na kupata vijana wanaojua joto la tanuri hilo. Muda huo na faida inayopotea ndani yake vina bei. Hiyo ndiyo gudwili, na katika hesabu hupatikana kwa kutoa: bei yote ya biashara, toa mali halisi zilizothaminiwa, kinachobaki ni gudwili. Ugumu uko kwenye kuijua bei yote ya biashara wakati muuzaji na mnunuzi wanakaa meza moja na wanaitana shangazi.

Njia inayotumika sana kwa biashara ndogo ni kuangalia faida. Lakini si faida iliyoandikwa daftarini. Ningemwomba msomaji atulie hapa kuliko sehemu nyingine yoyote ya makala haya.

Vitabu vya mama vinaonyesha faida kabla ya kodi ya milioni 18.8 kwa mwaka 2022, milioni 22.2 kwa mwaka 2023, na milioni 21.2 kwa mwaka 2024. Kwa haraka, utaona wastani wa karibu milioni 20.7, na pia utaona biashara iliyoanza kushuka. Yote mawili si kweli.

Faida ya mfanyabiashara binafsi imechanganya vitu viwili. Kuna pato la biashara, na kuna ujira wa mwenyewe ambaye hajilipi mshahara. Mama huyu huamka saa tisa usiku, husimamia uokaji, hupanga gari, hukusanya fedha na kuandika daftari. Angeajiri meneja wa kufanya kazi hiyo, kwa hali ya mji wake angemlipa si chini ya shilingi laki nane kwa mwezi, yaani milioni 9.6 kwa mwaka. Kampuni itamlipa yeye mshahara huo akiwa mtendaji. Kwa hiyo kila mwaka lazima ukatwe milioni 9.6 kwanza, kisha ndipo tuulize biashara imezalisha nini. Asipokatwa, kampuni itamlipa kazi ile ile mara mbili: mara moja kwa mshahara wa kila mwezi, na mara ya pili kwa gudwili iliyokokotolewa juu ya jasho lake.

Baada ya hapo huondolewa mambo yasiyojirudia na ya nyumbani. Mwaka 2023 mama aliuza pikipiki ya zamani ya kusambazia na kupata faida ya milioni 1.6. Hiyo haikutokana na mikate, inatolewa. Mwaka 2024 ada ya mtoto ya milioni 2 ililipwa kwa fedha za bekari na kuandikwa kama gharama. Hayo ni matumizi binafsi, hivyo inarudishwa kwenye faida. Baada ya marekebisho, faida ni milioni 9.2, kisha 11, kisha 13.6. Biashara iliyoonekana kushuka kumbe inakua kila mwaka.

Kwa kuwa inakua, si haki miaka yote mitatu kupewa uzito sawa. Wahasibu huzidisha mwaka wa kwanza kwa moja, wa pili kwa mbili, wa tatu kwa tatu, kisha hugawanya kwa sita. Ukifanya hivyo unapata wastani wa milioni 12. Kama faida ingekuwa inapanda na kushuka bila mwelekeo, wastani wa kawaida ungetosha. Kama ingekuwa inashuka mfululizo, ningeshauri gudwili isitajwe kabisa.

Sasa, je, milioni 12 zote ni matunda ya jina na wateja? Hapana. Mali za milioni 33 zenyewe zinastahili kuzaa kitu. Mwenye fedha hizo angeweza kununua hatifungani za Serikali. Ya miaka 25 iliyoanza kutolewa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, na mnunuzi wake haamki saa tisa usiku wala hana hofu ya bei ya unga. Anayeweka fedha kwenye bekari anastahili zaidi ya hapo. Shangazi na mtoto wa kaka yake wakakubaliana asilimia 20. Asilimia 20 ya milioni 33 ni milioni 6.6. Kinachozidi, milioni 5.4 kwa mwaka, ndicho kinacholetwa na jina, wateja na mazoea. Hiyo ndiyo faida ya ziada.

Mnunuzi analipia faida hiyo kwa miaka mingapi? Hakuna sheria inayotaja idadi. Swali la kujiuliza ni hili: mshindani mwenye mtaji akianza leo, atachukua muda gani kufikia hapo? Kwa mikate inayouzwa madukani, miaka 2 ni makadirio ya busara. Kwa bidhaa yenye chapa inayojulikana mkoa mzima, au kwa mikataba ya muda mrefu iliyosainiwa, unaweza kwenda hata miaka 3 au 4. Kwa fundi ambaye wateja humfuata yeye mwenyewe popote aendako, hata mwaka mmoja ni mwingi. Hapa wakachukua miaka 2. Milioni 5.4 mara 2 ni milioni 10.8, nayo ndiyo gudwili. Ukiongeza kwenye milioni 33, bei ya biashara yote ni milioni 43.8.

Ipo njia nyingine ambayo washauri wengine huipenda. Unachukua faida ya milioni 12 na kuigawanya kwa asilimia 20, unapata biashara yenye thamani ya milioni 60. Ukitoa 33, gudwili ni milioni 27. Hesabu haina kosa, lakini imechukulia kwamba faida ya ziada itaendelea milele bila mshindani kuigusa. Kwa bekari ya mtaani hilo siwezi kulikubali. Ukiona mtu anakuletea gudwili iliyopatikana kwa njia hii, muulize ni kitu gani kitazuia bekari nyingine isifunguliwe barabara hiyo hiyo.

Tuirudie hesabu ya haraka ili uone madhara yake. Mama angechukua wastani wa faida ya daftarini, milioni 20.7, bila kukata mshahara wake wala pato la mali, akazidisha kwa 2, angedai gudwili ya milioni 41.5. Bei ya biashara ingekuwa milioni 74.5, na kijana kwa milioni zake 14.6 angepata asilimia 16 tu ya kampuni. Bila gudwili kabisa angepata karibu 31. Kwa gudwili ya milioni 10.8, kampuni nzima ikiwa na fedha zake ndani ni milioni 58.4, na yeye ana robo kamili. Fedha aliyoleta ni ile ile katika hali zote tatu. Kilichombadilishia umiliki ni tarakimu ya kitu ambacho hakuna aliyekigusa. Ndiyo maana nasema wanaoingia kwenye kampuni za ndugu wasione aibu kuomba hesabu ya gudwili iandikwe hatua kwa hatua.

Hisa zikawekwa thamani ya shilingi elfu 10 kila moja. Mama akapata hisa 4,380 kwa biashara aliyoikabidhi, kijana akapata hisa 1,460 kwa fedha taslimu. Wangeweza pia kupanga mama apate hisa kwa sehemu ya bei tu, na sehemu nyingine, tuseme ile ya gudwili, ibaki deni ambalo kampuni itamlipa polepole. Watu wengi huvutiwa na njia hiyo kwa kuwa humpa mwenye biashara haki ya kuchukua fedha bila kusubiri gawio. Nami naiona ya hatari kwa kampuni changa. Bekari yenye deni la benki la milioni 10 ikiongezewa deni la mkurugenzi la milioni 10.8, mwezi ambao unga umepanda bei itashindwa kulipa mmojawapo, na mara nyingi atakayesubiri ni benki.

Kwenye vitabu vya kampuni, siku ya kwanza huandikwa mali zote kwa thamani mpya, milioni 51.7, na gudwili milioni 10.8. Jumla ni milioni 62.5. Upande wa pili huandikwa madeni milioni 18.7 na anachostahili mama milioni 43.8, jumla ile ile. Kisha anachostahili mama hugeuzwa kuwa mtaji wa hisa, na fedha za kijana huingia benki. Kwa upande wa mama, vitabu vyake vya zamani hufungwa. Mali na madeni yaliyohama yalikuwa na thamani halisi ya milioni 31 daftarini, ameyauza kwa 43.8, amepata faida ya milioni 12.8. Ukiijumlisha na mtaji wake wa 33.8 unapata 46.6, sawasawa na hisa zake za 43.8 pamoja na fedha 4 zilizobaki, ukitoa kodi ya 1.2. Isipolingana hivyo, kuna kitu kimesahaulika kwenye orodha.

Lakini mkaguzi anaweza kulileta jambo ambalo watu wengi hawalitarajii. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vinavyofuatwa Tanzania haviruhusu biashara ijiandikie gudwili iliyoitengeneza yenyewe. Na pale ambapo mtu aliyekuwa akiitawala biashara ndiye anayeendelea kuitawala kampuni, kama mama huyu mwenye robo tatu ya hisa, kanuni za kawaida za ununuzi wa biashara hazimhusu. Wakaguzi wengi katika hali hiyo huandika mali kwa thamani za vitabu vya zamani, na tofauti huingizwa kwenye mtaji badala ya kuonyeshwa kama mali. Hilo halifuti makubaliano ya wanahisa; robo ya kijana inabaki robo. Ila asitegemee kuiona gudwili kwenye mizania, na asikubali kutumia mizania hiyo peke yake siku atakapouza hisa zake. Pale gudwili inapoandikwa chini ya viwango vya biashara ndogo na za kati, hupunguzwa kidogo kidogo kila mwaka, na kama muda wake hauwezi kukadiriwa kwa uhakika usizidi miaka 10.

Kuhusu kodi nitasema machache, kwa sababu kila biashara ina hali yake. TRA huwatazama mama na kampuni yake kama watu wanaohusiana, na uhamisho baina ya watu kama hao kwa kawaida hupimwa kwa bei ya soko, si kwa bei waliyoamua kuandika. Kuandika bei ya chini ili kukwepa kodi ya faida hakusaidii, na kuandika gudwili kubwa kunaweza kukuletea kodi juu ya fedha ambazo hujazishika, kwa kuwa umelipwa hisa. Nenda na rasimu ya mkataba kwa mshauri wa kodi kabla ya kusaini. Kumbuka pia kwamba utaratibu wa kodi ya makadirio kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 100 kwa mwaka ni wa watu binafsi. Kampuni haimo, hutozwa kodi ya asilimia 30 ya faida na hutakiwa kuandaa hesabu kamili.

Mambo ya karatasi yanayobaki ni mengi lakini hayana utata: mkataba wa mauzo ya biashara wenye orodha ya mali kama kiambatisho, taarifa ya hisa zilizotolewa kwa malipo yasiyo ya fedha kupelekwa BRELA, kadi ya gari kubadilishwa jina, leseni ya biashara mpya, mashine ya EFD ya kampuni, vibali vya chakula kwa jina la kampuni, mikataba mipya ya wafanyakazi, na kusitisha jina la biashara la zamani. Mawili hayafai kuachwa nyuma. La kwanza ni ridhaa ya benki. Mkopo hauhami kwa makubaliano ya shangazi na mtoto wa kaka yake. Mpaka benki ikubali kwa maandishi, mdaiwa ni mama, hata kama kampuni ndiyo inayolipa marejesho. La pili ni kifungu kinachomzuia mama kufungua bekari nyingine karibu kwa muda fulani. Kampuni imelipia wateja wake milioni 10.8. Bila kifungu hicho, akigombana na mwenzake anaweza kuondoka nao bila kurudisha hata senti.

Namna ya kujua kama gudwili ilikuwa ya kweli haichukui muda mrefu. Mwisho wa mwaka wa kwanza, kata mshahara wa mama, kata uchakavu, kisha tazama faida iliyobaki kabla ya kodi, ukiiacha kando ile iliyoletwa na gari la pili. Kama haifiki milioni 6.6, basi hakuna faida ya ziada, na bei iliyolipwa ilikuwa kubwa mno. Ni bora wanahisa waandike tangu mwanzo kwamba hesabu hiyo itafanyika na hisa zitarekebishwa, kuliko kuachiana manung'uniko.

Na wewe unayepanga kugeuza biashara yako kuwa kampuni mwaka kesho au keshokutwa, anza leo kujilipa mshahara na kuuandika daftarini, toa ada za watoto kwenye gharama za biashara, na tunza daftari la wadaiwa lenye tarehe za malipo. Atakayekuja kuthamini biashara yako atataka kuona miaka mitatu ya hesabu za namna hiyo, na hawezi kuzipata kama hukuziandika.